Barua Yako Ianzie Shinyanga

"Husika na kichwa cha habari hapo juu." Ndivyo barua yako inavyoanza, mdogo wangu, na ndivyo zinavyoanza nyingine zote zilizo kwenye faili mezani pangu. Nafanya kazi katika kituo cha msaada wa kisheria hapa Kahama. Kila tunapotangaza nafasi moja ya ofisa sheria, ni mimi ninayekaa jioni na bahasha, nikizifungua moja baada ya nyingine. Yako nimeisoma mara tatu. Nakuandikia kwa sababu najua unaweza kuiandika upya kabla ya wiki hii kuisha, na ukiiandika inavyostahili sitakuwa na sababu ya kuiweka pamoja na nyingine.

Unasema wewe ni mhitimu wa shahada ya sheria. Unasema ulifaulu vizuri sana Sheria za Kimataifa. Unasema unazungumza lugha nne: Kiswahili, Kiingereza, Kisukuma na Kifaransa kiasi. Kisha unaahidi bidii na uaminifu, unaaga kwa "wako katika ujenzi wa taifa", na karatasi inaisha. Umekulia hapa, kwa hiyo unajua jiwe likitoka duarani linavyoonekana. Mtu anaweza kulipiga teke njiani asijue kilichomo, mpaka lipite kwenye karasha. Hilo somo lako na hizo lugha zako bado ni mawe. Hujayasaga, na unanitaka mimi nikisie yana nini ndani.

Nikisie nini? Anayekaa kwenye benchi letu saa mbili asubuhi ni mama aliyetoka Ushetu kwa bodaboda, mumewe kafariki miezi mitatu iliyopita, na mashemeji wamempa hadi mwisho wa mwezi awe ameondoka. Nikisoma "Sheria za Kimataifa, alama A" nikamtazama yule mama, barua yako hainionyeshi uhusiano wowote kati ya hivyo viwili. Uhusiano upo. Upo karibu kuliko unavyodhani, na ndio barua yako yote.

Nisikilize vizuri hapa. Chuoni mlifundishwa mikataba kama kitu kinachokaa Geneva na New York. Nataka ulione somo lako likianzia mkoa wetu. Walikuwepo wajane wawili wa Shinyanga ambao hati za Umoja wa Mataifa huwataja kwa herufi tu, E.S. na S.C. Waume zao walifariki. Ndugu wa marehemu wakadai mali, na wajane wakatolewa pamoja na watoto wao katika nyumba walizokuwa wakiishi. Waliowatoa hawakujiona wezi. Walikuwa na maandishi: Tamko la Sheria ya Mila, Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, ambalo mpaka leo linatajwa kwenye vikao vya ukoo na watu ambao hawajawahi kuliona. Tamko hilo linasema, kwa ufupi, kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mabinti nao limewaweka daraja la mwisho, nyuma ya mtoto wa kiume wa kwanza na nyuma ya kaka zao wengine.

Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake kilisimama na wajane hao. Mwaka 2005 shauri lilifunguliwa Mahakama Kuu, likiomba vifungu hivyo vitamkwe kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2006 Mahakama ikajibu jambo ambalo kila mwanafunzi wa sheria anapaswa kukaa nalo usiku kucha. Ilikubali kwamba mila hizo zinabagua. Halafu ikakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba nchi hii ina makabila 120 hivi, kila moja na mila zake, na ukigusa ya mmoja umefungua mlango ambao hutaweza kuufunga. Wajane wakakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaiondoa rufaa bila kugusa haki yenyewe, kwa kasoro ya hati ya amri iliyotoka Mahakama Kuu. Wajane hawakuiandika hati ile. Walisubiri miaka minne kuambiwa kwamba karatasi ya mtu mwingine ina kosa.

Hapo ndipo somo lako linapoingia, na ona linavyoingia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake mwaka 1985. Kwa mkataba peke yake mjane hana pa kwenda. Serikali imetoa ahadi, basi. Lakini mwaka 2006 nchi yetu ilijiunga na Itifaki ya Hiari ya mkataba huo, na itifaki ndiyo inayomruhusu mtu mmoja, hata mjane wa Shinyanga, kupeleka lalamiko lake mbele ya Kamati ya wataalamu. Sharti ni kwamba awe amemaliza milango ya mahakama za nyumbani, au aonyeshe kuwa milango hiyo imechukua muda usio na sababu au haina tija. Mwaka 2012 lalamiko likapelekwa. Lilipelekwa na kituo hicho hicho cha msaada wa sheria kikishirikiana na kliniki ya sheria ya haki za wanawake ya Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, ambako wanaofanya kazi ni wanafunzi wa sheria chini ya walimu wao. Soma sentensi hiyo tena. Vijana wa umri wako, wasiojua hata kusema mwangaluka, walishika shauri la Shinyanga. Wewe mwenye shahada, uliyezaliwa hapa, unaniandikia kwamba ulifaulu vizuri sana?

Machi 2015 Kamati ilitoa maoni yake. Ilisema Tanzania imevunja vifungu kadhaa vya mkataba, kile cha usawa mbele ya sheria na kile cha haki sawa za wanandoa katika mali vikiwemo. Ikataka wajane walipwe fidia, na sheria za mila zinazobagua zifutwe au zirekebishwe. Ikaongeza jambo ambalo watu wengi hulipita haraka: serikali ihimize mazungumzo kati ya vikundi vya wanawake, asasi za kiraia na viongozi wa jadi. Mazungumzo hayo, katika kijiji cha Usukumani, yatafanyika kwa lugha gani? Na nani kwenye mlolongo wa waombaji wangu anaweza kukaa na wazee chini ya mti akayaendesha? Unaona sasa jinsi mistari miwili ya barua yako, wa somo na wa lugha, ilivyokuwa mstari mmoja tangu mwanzo?

Usikimbilie kuandika, bado. Ukilitaja shauri hili ovyo, nitajua. Maoni ya Kamati hayakaziwi kama hukumu ya Mahakama ya Mwanzo. Hakuna dalali wa mahakama atakayemrudisha mjane nyumbani kwa karatasi ya Geneva. Mkataba ukiridhiwa haugeuki kuwa sheria ya ndani mpaka Bunge lifanye kazi yake. Kwa hiyo mwombaji anayeniandikia "nitautumia Mkataba kuwarudishia wajane mali zao" ananiambia kwamba hajawahi kuingia chumba cha mahakama. Ninayemtafuta anajua mkataba unaingia wapi, unaishia wapi, na nini kifanyike kesho asubuhi.

Basi tumchukue yule mama wa kwenye benchi, tufanye kazi pamoja. Tuseme mumewe alikuwa na duara la ubia na wenzake na alifia huko chini. Ameacha kiwanja chenye nyumba hapa mjini, shamba kijijini Ushetu, na ng'ombe tisa. Watoto watatu, wote wa kike. Shemeji mkubwa ameshaitisha kikao cha ukoo na anasema yeye ndiye msimamizi.

Kitu cha kwanza ni kujua kama shemeji ameshafika mahakamani. Kikao cha ukoo hakimpi mtu usimamizi wa mirathi. Kinachompa ni Mahakama ya Mwanzo, baada ya maombi na tangazo. Muhtasari wa kikao mahakimu wengi huuomba kwa mazoea, na hapo ndipo wajane wengi hukata tamaa, wakidhani bila muhtasari hawana mlango. Mama anaweza kuomba usimamizi yeye mwenyewe. Kama shemeji ametangulia kuomba, mama anaweza kuweka pingamizi. Kama shemeji ameshateuliwa, bado anabanwa: ndani ya miezi minne anapaswa kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu, na akizembea au akificha, mama anaweza kuomba uteuzi wake utenguliwe. Na uamuzi ukitoka dhidi ya mama, ana siku 30 tu za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Siku hizo 30 ndizo zinazotuumiza zaidi hapa ofisini. Mama huja siku ya 41, akiwa ametumia muda wote kubembeleza wazee.

Kitu cha pili ni kutenganisha mali. Nyumba ya mjini na shamba la kijijini havisimami juu ya sheria moja. Shamba liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kifungu chake cha 20(2) kinasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili na haina nguvu. Hiyo ni sheria ya Bunge, haihitaji safari ya Geneva. Kiwanja cha mjini kiko chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo, nayo katika kifungu cha 3(2) inampa kila mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi kwa kiwango kile kile na kwa masharti yale yale kama mwanamume. Ng'ombe hawamo katika sheria yoyote ya ardhi. Kwa ng'ombe utahitaji ushahidi wa nani alinunua nini na kwa jasho la nani, na ushahidi huo wanao majirani.

Sasa ndipo mkataba unapokuja, na unakuja kama taa ya kusomea sheria za nyumbani. Kuna mfano wa kanda yetu hii ya Ziwa ambao ningependa uufahamu kama jina lako. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mwanamke wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mtoto wa ndugu yake akaja mahakamani kusema mwanamke hana uwezo huo. Jaji aliitazama Hati ya Haki iliyokuwa imeingizwa kwenye Katiba miaka michache nyuma, akaisoma pamoja na mikataba ya kimataifa, huu wa wanawake ukiwemo, akaamua kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume. Aliingia kwa mlango wa Katiba huku mikataba ikimmulikia. Hivyo ndivyo utakavyofanya kwa mama wa Ushetu pale hakimu atakapotajiwa Tangazo Namba 436: unamwekea kifungu cha 20(2) mbele, Ibara ya 13 ya Katiba nyuma yake, na maoni ya 2015 kuonyesha kwamba mila hiyo hiyo, katika mkoa huu huu, imeshapimwa na kuonekana pungufu.

Ukiyajua haya, aya ya somo inajiandika. Ningeiona hivi:

"Katika somo la Sheria za Kimataifa za Haki za Binadamu nilichambua shauri la E.S. na S.C. dhidi ya Tanzania, la wajane wawili wa Shinyanga, lililotolewa maoni na Kamati ya Umoja wa Mataifa Machi 2015. Nililinganisha maoni hayo na kifungu cha 20(2) cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nikaonyesha kwamba mashauri mengi ya shamba la kijijini yanaweza kulindwa kwa kifungu hicho bila kusubiri Tangazo Namba 436 lifutwe, ila mali isiyo ardhi hubaki bila kinga hiyo. Pengo hilo ndilo ningependa kulifanyia kazi katika kituo chenu."

Hesabu maneno. Ni machache kuliko yale ya kujisifu uliyoandika mwanzo, na hakuna mahali umesema wewe ni hodari. Lakini nikimaliza kuisoma nataka kukuona uso kwa uso, kwa sababu hilo la mali isiyo ardhi ndilo linaloninyima usingizi mimi mwenyewe.

Na kama hukulichambua shauri hilo chuoni, usiandike kwamba ulilichambua. Lisome sasa. Maoni ya Kamati yako wazi kwa kila mtu, hayana urefu wa kutisha, na Kiingereza unacho. Kisha andika kwamba umelisoma kwa ajili ya maombi haya. Mtu aliyesoma wiki iliyopita kwa sababu anataka kazi kwetu ananivutia kuliko aliyesoma miaka miwili iliyopita kwa sababu mtihani ulikuwa Jumanne. Ila ujue nitakuuliza. Nitakuuliza rufaa ilianguka kwa nini, na nitakuuliza tofauti ya mkataba na itifaki yake.

Kwenye lugha nataka nikae kidogo, maana hapo ndipo barua nyingi hupoteza mali nyingi zaidi. "Kisukuma: vizuri sana." Vizuri sana kwa kazi gani? Kuagiza chai Phantom na kuchukua maelezo ya mjane ni vitu viwili. Mama anapoeleza kwa Kisukuma hasemi "nyumba". Anasema kaya, na kaya kwake ni mji mzima: nyumba, ua, zizi, mahali alipozalia watoto. Kijana asiyejua anaandika "nyumba", hati inakwenda mahakamani ikidai nyumba peke yake, zizi na ua vinabaki kwa shemeji, na mama hajui kosa lilitokea wapi kwa sababu yeye alisema yote. Nimeona hati ya namna hiyo kwa macho yangu. Ilikuwa mapema katika kazi yangu, na mkono ulioiandika ulikuwa wangu. Ndiyo maana suala la lugha silichukulii kama pambo la wasifu.

Andika basi unachoweza kufanya kwa kila lugha. Naweza kuchukua maelezo ya mteja kwa Kisukuma, kuyaandika kwa Kiswahili, na kumsomea tena kwa Kisukuma kabla hajaweka dole gumba. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kiapo cha mtu asiyejua kusoma kinatakiwa kionyeshe kwamba alisomewa katika lugha anayoielewa na akakubali, na ukiruka hapo umempa wakili wa upande wa pili kisu. Kama ulishawahi kuifanya kazi hiyo, hata kwa bibi yako mzaa mama aliyekuwa na mgogoro wa mpaka wa shamba, iseme. Usiseme jina lake wala ugomvi wake, sema tu ulifanya nini. Siri ya mteja inaanzia kwenye barua ya maombi.

Kiswahili usikiandike kama jambo la kawaida ambalo kila mtu analo. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiendesha mambo yake kwa Kiswahili miaka yote, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu kwa jumla. Wenzako wengi waliosoma sheria kwa Kiingereza miaka minne hawawezi kuandika pingamizi la kurasa mbili kwa Kiswahili kinachosimama. Jipime usiku huu: chukua Ibara ya 16 ya Mkataba, aya ya kwanza, kipengele cha (h), kinachohusu mali ya wanandoa, ukiweke katika Kiswahili ambacho mama wa Ushetu akisomewa mara moja anatikisa kichwa. Mimi nimekijaribu hivi: "Mume na mke wana haki sawa juu ya mali, kuipata, kuwa nayo, kuiendesha, kufaidi matunda yake, kuitoa bure au kuiuza." Pengine wewe utafanya vizuri zaidi. Ukifanya, iweke ndani ya barua. Mstari mmoja wa tafsiri yako utaniambia habari za Kiingereza chako, Kiswahili chako na sheria yako kwa pamoja.

Kiingereza utakitumia zaidi kwenye taarifa za wafadhili, na kusoma hukumu za zamani. Sentensi moja inatosha.

Kifaransa chako ulikiandika kwa aibu, "kiasi", mwishoni. Kiinue. Bandari kavu ya Isaka iko wilayani kwetu, na malori ya kwenda Burundi, Rwanda na Kongo yanapita hapa usiku na mchana. Dereva mgeni akiwekwa mahabusu, Mkataba wa Viena wa Mahusiano ya Kikonseli wa 1963, Ibara ya 36, unataka aelezwe bila kuchelewa kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe. Haki hiyo mahabusu wengi hawaijui na hawaiombi. Kifaransa cha kumwuliza mtu kupitia dirisha dogo la kituo cha polisi jina lake, kosa analotuhumiwa, lini alikamatwa na kama angependa ubalozi uambiwe, hicho ni Kifaransa cha kutosha kumfungulia mtu njia. Kama unaweza hayo, andika kwamba unaweza hayo. Kama kuandika hati kwa Kifaransa huwezi, sema pia. Tukijua mpaka wako tutakutuma mahali sahihi.

Yapo mambo mawili ambayo nakusihi uyaondoe kabisa. La kwanza ni ile sentensi ya kwamba utawapeleka wateja wetu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha. Najua umeitoa wapi. Novemba 2015, katika shauri la Alex Thomas, Mahakama hiyo ilisema Tanzania ilikosea kumwacha mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa la kifungo cha miaka 30, bila msaada wa kisheria wa bure. Ni uamuzi unaohusu kazi yetu moja kwa moja, na ni vizuri kuujua. Lakini Novemba 2019 serikali ilitoa notisi ya kujiondoa kwenye tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda pale moja kwa moja, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Mwombaji anayetaja mlango uliofungwa ananipa shaka na milango mingine yote aliyoitaja. La pili ni neno "wakili". Kama hujamaliza mafunzo ya uanasheria kwa vitendo na kuapishwa, wewe bado si wakili, na kwenye barua jiite mhitimu wa shahada ya sheria. Hilo halikupunguzii kitu. Kuchukua maelezo, kuandaa hati chini ya wakili wetu, kufuatilia tarehe za mashauri na kuhesabu zile siku 30 ni kazi za mhitimu, na ni kazi zinazookoa mashamba ya watu.

Umbo la barua halitakusumbua. Anwani yako kulia na sanduku la posta, tarehe, anwani yetu kushoto, halafu YAH. Kwenye YAH usiandike "maombi ya kazi" peke yake. Taja nafasi kama tangazo lilivyoitaja. Sentensi ya kwanza chini yake, ile ya kuhusika na kichwa cha habari, ifute. Anza na mama wa Ushetu au anza na mwaka 2015, lakini anza na jambo. Ukurasa uwe mmoja. Vyeti na nakala ya matokeo vitasema umri wako, chuo chako na alama zako, kwa hiyo usivirudie. Wadhamini wawe wawili walioona ukifanya kazi, na mmoja wao awe mtu aliyewahi kukusikia ukizungumza Kisukuma na watu wazima. Mwenyekiti wa mtaa anafaa kuliko mhadhiri asiyekukumbuka.

Ukimaliza, msomee mama yako kwa sauti. Msomee ile aya ya wajane kwa Kisukuma, ukitafsiri papo hapo bila kuandika. Pale utakapokwama, hata kwa neno moja, ndipo hujaelewa sheria bado. Rudi ukasome, uiandike aya upya. Mimi nilipojaribu zoezi hili kwa mara ya kwanza nilikwama kwenye neno "kuiendesha". Nilijua kusema kumiliki na kuuza, lakini kuendesha mali, yaani kuamua ng'ombe yupi aende mnadani na mahindi yapi yabaki ghalani, nilimwuliza mama. Alinijibu kwa swali: mbona hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote wakati baba yako yuko migodini?

Barua ilete mwenyewe, usiitume kwa mtu. Njoo na nakala ya pili, dada wa mapokezi aigonge muhuri wa tarehe, uondoke nayo. Ukifika mapema utawakuta kina mama kwenye benchi. Wasalimie kwa lugha yao, ukae nao mpaka mlango ufunguliwe.